Ulinitumia picha, si cheti

Ujumbe uliingia saa tatu usiku. Picha moja, na chini yake maneno manne: "Kaka, hiki ni halisi?"

Aliyeutuma ni dada tuliyesoma naye, ambaye siku hizi anasimamia ofisi ndogo ya uhasibu. Alikuwa anatafuta msaidizi, akapata kijana aliyefanya vizuri kwenye usaili, na kilichobaki ni karatasi tu. Picha ilikuwa ya cheti cha shahada: kingo za rangi ya samawati iliyopauka, nembo ya chuo juu, jina la mhitimu katikati, chini yake maneno "Daraja la Pili la Juu", halafu sahihi mbili, lakiri, hologramu pembeni na msimbo wa QR kwenye kona.

Nilimjibu: "Sijui."

Akanipigia simu papo hapo. Nadhani alidhani nimechoka au sitaki usumbufu. "Si wewe ulikaa miaka saba kwa msajili unahakiki vyeti?" Ni kweli nilikaa, na nilivihakiki hadi nikaanza kuviota. Kama nisingewahi kukaa kwenye dawati lile, huenda ningeikuza picha, nikaitazama sahihi kwa macho ya mjuaji, nikamwambia amwajiri tu huyo kijana. Watu wengi hufanya hivyo, na mara nyingi huangukia upande sahihi kwa sababu vyeti vingi ni vya kweli. Kubahatisha vizuri bado ni kubahatisha.

Nikamuuliza kilichomtia wasiwasi. Alikuwa na mambo mawili. Jina la kijana lilikuwa jeusi kuliko maandishi mengine, tena limeshuka kidogo chini ya mstari wake, kama limebandikwa. Na kwenye kona moja ya picha kulikuwa na kivuli cha herufi ambazo hazisomeki vizuri, kama neno lililofutwa likagoma kufutika.

Nikamuuliza pia kilichompa imani. Hapo alikuwa na orodha: hologramu, lakiri iliyobonyea kwenye karatasi, namba ya cheti, na kwamba alielekeza simu kwenye QR ikamfungulia ukurasa.

Mambo mawili aliyoyatilia shaka hayakuwa na kosa lolote. Yale manne aliyoyaamini hayakuwa na uzito wowote, si kwenye picha.

Anza na jina jeusi lililoshuka. Vyeti vingi vya vyuo huchapwa mara mbili. Mara ya kwanza kiwanda cha uchapaji wa usalama hutengeneza karatasi tupu zenye nembo, kingo, mistari na namba ya karatasi, maelfu kwa pamoja, kwa wino wake maalumu. Kisha karatasi hizo hukaa kwenye kabati la chuma kwa msajili, na mahafali yakikaribia, jina, kozi, daraja na tarehe huingizwa kwa printa ya kawaida ya leza. Basi kwenye karatasi moja kuna wino wa kiwandani na unga wa tona wa ofisini. Karatasi ikiingia kwenye printa milimita moja kombo, jina linashuka. Nimetoa kwa mkono wangu vyeti halali ambavyo jina limeegemea upande kama meza yenye mguu mfupi, kwa sababu kuharibu karatasi moja kulimaanisha kujaza fomu ya karatasi iliyoharibika, na hakuna aliyependa kuijaza ile fomu.

Kile kivuli cha herufi kwenye kona ni kizuri zaidi. Karatasi nyingi za usalama zina neno lililofichwa ndani ya usuli kwa nukta za ukubwa tofauti. Jicho haliioni tofauti ile, ila mashine ya kunakili inazichukua nukta kubwa na kuzipoteza ndogo, na ghafla neno kama NAKALA au BATILI linajitokeza. Limewekwa makusudi ili nakala ijiseme yenyewe. Cheti halisi kikiskaniwa, picha yake inaweza kutoka na madoa hayo. Mtu aliyetengeneza cheti kizima kwenye kompyuta hana usuli wa namna hiyo, na picha yake hutoka safi kabisa. Ukiwa na picha mbili, moja chafu na moja inayong'aa, usiharakishe kuichagua inayong'aa.

Sasa orodha ya imani. Hologramu ilitengenezwa ili ibadilike ukiinamisha karatasi: rangi hii ukiitazama hivi, rangi ile ukiitazama vile, umbo moja linapotea jingine linaibuka. Kazi yake yote iko kwenye huko kubadilika. Skana hutazama kutoka pembe moja, mara moja, kwa taa yake yenyewe, na mara nyingi hologramu hutoka kama kiraka cha kijivu au doa la upinde wa mvua lililotulia. Mtu akichapa kiraka cha kijivu kwenye karatasi ya kawaida na kukiskani, utapata picha ileile. Lakiri iliyobonyezwa nayo huhukumiwa kwa kidole, na upande wa pili wa karatasi lazima ukutwe umevimba pale upande huu ulipobonyea. Kwenye picha kuna kivuli cha duara tu, na kivuli huchorwa.

Alama ya maji ndiyo iliyo mbali zaidi na picha. Haichapwi. Hutengenezwa karatasi ikiwa bado ujiuji, kwa kuifanya iwe nyembamba hapa na nene pale, na ndiyo maana huonekana unapoinua karatasi kwenye mwanga unaopita ndani yake. Skana humulika kutoka upande mmoja na kusoma mwanga unaorudi upande uleule. Ukiona alama ya maji imetokeza wazi kwenye skani ya kawaida, hiyo ndiyo sababu ya kujiuliza, kwa maana huenda imechapwa kwa rangi ya kijivu.

Kuna pia maandishi madogo mno, nayo yanahitaji hesabu fupi. Kwenye vyeti vingi, mstari wa mahali pa sahihi unaonekana kuwa mstari tu, lakini chini ya kioo cha kukuzia ni jina la chuo limerudiwarudiwa kwa herufi zenye kimo cha takriban milimita 0.2. Picha aliyonitumia ilikuwa na pikseli 1600 kwa urefu, kwa sababu programu ya ujumbe huipunguza picha kabla ya kuipeleka. Karatasi ya A4 ina urefu wa milimita 297. Gawanya: kila pikseli ilibeba karibu milimita 0.19 ya karatasi. Herufi nzima ya kimo cha milimita 0.2 imeangukia kwenye pikseli moja. Kidoa kimoja hakiwezi kuandika A wala B. Hata kama kijana angeskani kwa dipiai 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi, kiwango ambacho ofisi nyingi hutumia, kila herufi ingepata pikseli mbili na kitu, na bado ungeona mstari. Kwa hiyo pale ambapo cheti halisi kina maandishi na cha kughushi kina mstari mtupu, picha mbili zinafanana. Tofauti ilipotea njiani kabla mimi sijaulizwa, na hakuna kukuza kwa vidole kutakakoirudisha.

Dada akasema, "Sawa, basi kuna wataalamu wa picha. Si wanaweza kuona kama imeguswa?"

Wapo, na wakati mwingine wanaona. Picha ya JPEG hubanwa kwa vipande vidogo vya pikseli nane kwa nane, na sehemu iliyobandikwa baadaye inaweza kuwa na historia tofauti ya kubanwa. Kuna vyombo vya mtandaoni vinavyoipaka picha rangi kuonyesha tofauti hizo, na watu hunitumia matokeo yake wakiwa na furaha: "Tazama, jina linawaka!" Jina linawaka kwa sababu ni herufi nyeusi zenye kingo kali kwenye karatasi nyeupe. Kingo kali huwaka kwenye vyombo hivyo hata kama hakuna aliyegusa kitu. Isitoshe, mwenye kughushi ana njia ya kuviziba kinywa vyombo vyote hivyo kwa dakika tano: anabadilisha neno kwenye kompyuta, anachapa karatasi, kisha anaiskani ile karatasi. Picha inayotoka ni picha ya kweli kabisa, ya mara moja, isiyoguswa, ya karatasi ya uongo. Mtaalamu wa picha ataapa kwamba haijahaririwa, na atakuwa amesema kweli.

Halafu kuna jambo ambalo watu hawaliamini hadi ulieleze taratibu: skani inaweza kusema uongo bila mwongo yeyote. Mwaka 2013 mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, David Kriesel, alichapisha ugunduzi wake kuhusu mashine fulani za Xerox za kunakili na kuskani. Mchoro wa nyumba uliokuwa na vyumba vitatu vya mita za mraba 14.13, 21.11 na 17.42 ulitoka kwenye mashine ukionyesha 14.13 kwa vyote vitatu. Mahali pengine 6 ziligeuka 8. Chanzo kilikuwa namna ya kubana picha iitwayo JBIG2: ili kuokoa nafasi, mashine hutafuta vipande vinavyofanana, huhifadhi kimoja tu, na kukirudia popote inapodhani ni kilekile. Ikikosea kudhani, tarakimu hubadilika, tena zinatoka kali na safi, bila ukungu wa kukutahadharisha. Kampuni ilitoa marekebisho ya programu. Mimi nililiandika jambo hilo kwenye karatasi ya manjano nikalibandika juu ya skana yetu. Basi hata namba inayogongana na rekodi kwa tarakimu moja, ukiiona kwenye picha, bado haijamtia mtu hatiani.

Sisemi picha haina faida. Picha inaweza kukanusha, hata kama haiwezi kuthibitisha. Ukiona tarehe ya mahafali iliyotangulia kuanzishwa kwa kozi, au sahihi ya mkuu wa chuo aliyekwisha kuondoka, una jambo la kuuliza. Mwaka 2017 nchini Pakistan, wachunguzi wa kesi iliyohusu familia ya waziri mkuu wa wakati huo walibaini kwamba nyaraka zenye tarehe ya Februari 2006 zimeandikwa kwa fonti ya Calibri, ambayo ilifika kwa umma na Windows Vista na Office 2007, Januari 2007. Utetezi ukajibu kwamba matoleo ya majaribio yalikuwepo kabla. Hata kwenye mfano huu unaosimuliwa kila mahali kama ushindi wa macho makali, umbo la herufi lilizaa mabishano, na mabishano yalihitaji ushahidi mwingine.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa upande wa pili. Septemba 8, 2004, kituo cha televisheni cha CBS cha Marekani kilionyesha kumbukumbu zinazohusu utumishi wa George W. Bush katika jeshi la akiba. Karatasi zilizokuwa mikononi mwao zilikuwa fotokopi, asili hazikuwepo. Mabishano ya fonti yalianza usiku uleule, na Septemba 20 kituo kilikiri kwamba hakiwezi kuthibitisha uhalisi wake. Kikaundwa kikosi huru cha uchunguzi, chenye muda, fedha na wataalamu. Ripoti yake ya Januari 2005 ilikilaumu kituo kwa namna kilivyofanya kazi, lakini kuhusu karatasi zenyewe haikutoa hukumu ya mwisho kama ni za kweli au za kughushi. Miezi mitatu na ushee, watu waliobobea, na nakala haikutamka. Mimi dada alitaka jibu kabla ya kulala.

"Na QR?" aliuliza. "Ile ilifungua ukurasa wa chuo kabisa. Jina lake likatokea."

Nikamwomba anisomee anwani ya ule ukurasa, herufi kwa herufi. Hakuwa ameitazama. Wengi hawaitazami, kwa kuwa ukurasa wenye nembo hutuliza moyo. Msimbo wa QR wa aina ya kawaida ni anwani tu iliyochorwa kwa viboksi. Anayechora cheti cha uongo huchora na msimbo wake, unaokwenda kwenye tovuti yake, yenye nembo ileile na maneno ya kijani yasemayo cheti kimethibitishwa. Tofauti huwa kwenye jina la tovuti: herufi imeongezwa, kistari kimewekwa, mwisho umebadilika. Njia salama ni kuusahau msimbo, kuandika mwenyewe anwani ya chuo unayoijua, na kuingia kwenye ukurasa wa uhakiki kwa mlango wa mbele.

Aliporudi kutazama, anwani ilikuwa ya chuo kweli. Hii ilimfurahisha, na mimi ilibidi nimharibie tena. Ukurasa ulionyesha nini hasa? Jina, namba ya usajili, jina la kozi, mwaka. Daraja halikuwepo, kwa kuwa vyuo vingi huona si haki kuanika ufaulu wa mtu mbele ya kila mwenye simu. Kwa hiyo msimbo ulithibitisha kwamba mtu mwenye jina hilo alihitimu. Haukusema neno lolote kuhusu wino mwingine wote uliouzunguka. Na msimbo halisi ukinakiliwa unabaki kufanya kazi: naweza kuukata kwenye cheti chako nikaubandika kwenye changu, na anayeupima bila kulinganisha jina hatagundua.

Namba ya cheti ni hadithi hiyohiyo. Namba ya kweli hupatikana kwenye picha yoyote ya mhitimu mwenye furaha aliyejipiga akiwa ameshika cheti chake siku ya mahafali na kuiweka mtandaoni.

Kuna hali moja ambapo faili yenyewe inaweza kujitetea: chuo kinapotoa cheti cha PDF chenye sahihi ya kidijitali. Hapo chuo kimepiga hesabu juu ya baiti za faili kwa ufunguo wake wa siri, na yeyote mwenye ufunguo wake wa wazi anaweza kuihakiki hesabu hiyo. Ukigeuza herufi moja ndani ya kilichosainiwa, hesabu inakataa. Kwenye kompyuta ya Linux yenye vyombo vya Poppler unaweza kuuliza hivi:

```
pdfsig cheti.pdf
```

Soma majibu mawili, si moja. `Signature is Valid` maana yake kilichosainiwa hakijaguswa tangu kiliposainiwa. Nani aliisaini ni swali la mstari unaofuata, wa `Certificate Validation`, kwa sababu hata mimi naweza kujitengenezea ufunguo leo usiku nikauita kwa jina la chuo chochote. Na sahihi hii huishi ndani ya faili tu. Ukiichapa na kuiskani, au ukipiga picha ya skrini yenye alama ya tiki ya kijani, umebaki na picha ya tiki. Kijana alikuwa na karatasi, kwa hiyo mlango huu haukutuhusu.

Kilichobaki ni njia ya kale. Uhalisi wa cheti haukai kwenye karatasi peke yake. Unakaa kwenye makubaliano kati ya karatasi na leja ya aliyeitoa. Kwetu leja ile ilikuwa na safu za namba ya karatasi tupu, jina, namba ya usajili, daraja, tarehe ya kuchukua, na sahihi ya aliyechukua, pamoja na orodha ya karatasi zilizoharibika na kuteketezwa. Anayeghushi anaweza kuifikia karatasi yake muda wowote atakao. Ile leja haifikii kirahisi.

Nilimwelekeza dada aandike barua pepe kwa msajili, kwa anwani iliyopo kwenye tovuti ya chuo. Asitumie simu wala anwani zilizoandikwa kwenye cheti, maana hizo ni sehemu ya kile kinachochunguzwa. Kwanza apate idhini ya maandishi ya kijana, kwa sababu chuo makini hakitoi taarifa za mhitimu bila hiyo. Pia aangalie kwenye mamlaka inayosimamia vyuo kama chuo chenyewe kinatambulika. Viko viwanda vya shahada vinavyouza vyeti "halisi" vya vyuo visivyofundisha mtu yeyote, na ukiwaandikia watakujibu haraka na kwa adabu kwamba ndiyo, ni chetu. (Kilikuwa kinatambulika.)

Na kitu kimoja zaidi, ambacho ndicho nilichojifunza dawatini kwa aibu: asiambatanishe picha na kuuliza "Je, ni sahihi?" Nimewahi kujibu maswali hayo arobaini kwa asubuhi moja. Ukifika la ishirini, jicho linatazama jina, linatazama namba, mkono unaandika ndiyo. Badala yake ampe msajili jina na namba ya usajili tu, kisha aombe: tafadhali tuandikieni kozi, daraja na tarehe ya kutunukiwa kama zilivyo kwenye rekodi yenu. Hapo karani analazimika kufungua leja na kunakili. Hana cha kukubaliana nacho.

Jibu lilikuja siku ya sita, mistari mitatu. Jina sawa. Kozi sawa. Tarehe sawa. Daraja la Pili la Chini.

Dada alinitumia jibu lile bila neno, na mimi nikairudia picha. Nikalikuza lile neno "Juu" hadi likawa viboksi. Nilijua sasa kuna jambo, najua mahali lilipo, na bado sikuona kitu. Rangi sawa, kimo sawa, mstari sawa. Neno la herufi tatu kwenye karatasi ambayo kila kitu kingine kilikuwa cha kweli: wino wa kiwanda, hologramu, lakiri, hata lile jina lililoshuka. Ningeulizwa usiku ule nibashiri, ningesema halisi.

Hata hapo nilimwomba asimpigie kijana kelele. Leja nazo huandikwa na watu, na nimewahi kusahihisha mstari wa leja kwa sababu mhitimu alikuja na karatasi yake iliyokuwa sahihi kuliko sisi. Mwite alete cheti chenyewe, nilisema.

Kijana alikuja nacho kwenye bahasha ya plastiki. Dada alikiinua dirishani, nembo ikaonekana ndani ya karatasi. Akakiinamisha, hologramu ikabadilika. Akapitisha kidole nyuma ya lakiri. Kisha akasoma: Daraja la Pili la Chini, wazi kabisa, kama leja ilivyosema. Akaweka kando yake ile picha aliyoichapa. Kijana alitazama zote mbili muda mrefu, akasema alimpa mtu vyeti vyake amskanie na kumtumia maombi ya kazi kwa malipo, na kwamba yeye hakuwahi kuifungua ile faili.

Inawezekana. Watu wa namna hiyo wapo, na hulipwa kwa kila anayeitwa kwenye usaili. Inawezekana pia alijua. Picha haina jina la aliyeigusa, na ile ya kwanza, kabla ya neno kubadilishwa, haipo popote.

Dada aliniuliza amwandike nini kwenye faili lake la ajira. Nilimwambia aandike alichokiona: cheti cha asili kimekaguliwa tarehe hii, kinalingana na rekodi ya msajili, nakala iliyotumwa na maombi hailingani nacho kwenye daraja. Kumwajiri au kutomwajiri lilikuwa lake. Nafasi, alisema, haikuwa imedai daraja la juu tangu mwanzo.